Kumjulisha mzabuni kwamba nukuu yake ya bei haikuchaguliwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yafuatayo yanahusu barua pepe ambayo afisa ununuzi humwandikia mzabuni ambaye nukuu yake ya bei haikuchaguliwa. Yote yanatumia mfano mmoja: shule ya sekondari ya binafsi mjini Morogoro inayohitaji seti 60 za meza na viti vya wanafunzi kabla ya tarehe 5 Januari 2026. Wazabuni watatu walileta nukuu. Barua tunayoijadili ni ya kumjibu mmoja wao, mwenye karakana Dar es Salaam, ambaye bei yake kwa seti ilikuwa ndogo kuliko za wenzake na bado hakupata kazi.

Mzabuni mwenye bei ndogo alikosaje kazi?

Nukuu yake ya tarehe 10 Novemba 2025 ilionyesha shilingi 145,000 kwa seti, yaani shilingi 8,700,000 kwa seti zote 60. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilieleza kwamba bei hiyo haina Kodi ya Ongezeko la Thamani wala usafiri. VAT ya asilimia 18 ni shilingi 1,566,000, na usafiri hadi Morogoro aliutajia shilingi 600,000, hivyo mzigo ungefika shuleni kwa shilingi 10,866,000. Mzabuni aliyechaguliwa alitoa shilingi 168,000 kwa seti, VAT na usafiri vikiwa ndani, na jumla yake ni shilingi 10,080,000. Kwa kampuni inayouza bidhaa zenye VAT, kodi iliyolipwa wakati wa kununua hupunguzwa katika hesabu za mwezi, lakini huduma ya elimu imesamehewa kodi hiyo, kwa hiyo shule haina pa kuidai na kwake VAT ni gharama kamili.

Yalikuwepo mambo mengine mawili. Karakana ilitaka malipo ya awali ya asilimia 70 na wiki 8 za kutengeneza, wakati mwenzake alitaka asilimia 30 na wiki 4. Oda ilitolewa tarehe 27 Novemba, na wiki 8 kuanzia siku hiyo zinaishia tarehe 22 Januari, wanafunzi wakiwa wameshafungua shule na wamekaa wawili wawili kwenye dawati la mmoja. Hesabu hii inafaa kukamilika kabla ya kuandika neno lolote, kwa sababu barua nyingi za kukataa huwa na maneno laini yasiyoshikika pale ambapo mwandishi mwenyewe hajui kwa hakika ni kitu gani kilichomwangusha mzabuni.

Je, kukaa kimya si jibu tosha?

Nukuu ilikuwa halali kwa siku 30. Katika siku hizo mwenye karakana ameshikilia bei ileile hata kama bei ya mabomba ya chuma imepanda dukani, na huenda ameweka kando mbao na nafasi ya mafundi akisubiri LPO, yaani hati ya oda ya ununuzi. Asipojibiwa atapiga simu kila wiki, na mwaka ujao akiombwa nukuu hataleta, au ataleta aliyoiongeza bei ili kufidia usumbufu. Shule inayohitaji angalau nukuu tatu kwa kila ununuzi huanza kuliona tatizo hilo pale inapoomba tatu na kupata moja.

Rasimu ya kwanza ilisemaje, na ina ubaya gani?

Rasimu iliyoandaliwa ilikuwa hivi:

> Ndugu,
>
> Tunashukuru sana kwa nukuu yenu nzuri. Tumevutiwa mno na ubora wa bidhaa zenu pamoja na bei zenu za ushindani. Kwa bahati mbaya, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, hatutaweza kuendelea kwa sasa. Hata hivyo, mtakuwa wa kwanza kufikiriwa nafasi itakapopatikana, na tuna imani kubwa kwamba tutafanya kazi pamoja hivi karibuni. Tutawasiliana nanyi.
>
> Wenu katika ujenzi wa taifa,
> Afisa Ununuzi

Hakuna sentensi iliyoandikwa kwa nia mbaya hapa, na ndiyo maana barua za namna hii hupita bila kusahihishwa. Tuisome hata hivyo kwa macho ya mwenye karakana. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nukuu yake imekataliwa. "Hatutaweza kuendelea kwa sasa" kunaweza kumaanisha kwamba ununuzi umeahirishwa hadi fedha zipatikane, na mtu aliyezoea ucheleweshaji wa malipo ataisoma hivyo hivyo, atunze mbao zake na aendelee kungoja. "Tutawasiliana nanyi" inamthibitishia kwamba amesoma sawasawa.

Kisha kuna yasiyo kweli. Sababu hazikuwa nje ya uwezo wa shule. Shule ililinganisha na kuchagua. Bei haikuwa ya ushindani, kwa kuwa jumla yake ilizidi ya aliyechaguliwa kwa shilingi 786,000, na kumsifia bei hiyo ni kumwambia aje nayo tena mwaka ujao. Ahadi ya kuwa "wa kwanza kufikiriwa" ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu shule inayoshindanisha bei haina mzabuni wa kwanza wala wa pili mpaka nukuu zifunguliwe. Kama afisa ana maana hiyo kweli, ameahidi upendeleo. Kama hana, ameahidi kitu asichoweza kukitoa.

Barua iliyoandikwa upya inasomekaje?

> Yah: Nukuu yenu ya tarehe 10 Novemba 2025 ya meza na viti vya wanafunzi
>
> Ndugu Meneja Mauzo,
>
> Tunawashukuru kwa nukuu yenu ya seti 60 za meza na viti, na kwa kiti cha sampuli mlichotuletea shuleni.
>
> Tunasikitika kuwajulisha kwamba nukuu yenu haikuchaguliwa. Uamuzi umekamilika na oda imetolewa kwa mzabuni mwingine, hivyo hamna haja ya kuendelea kutunza vifaa au kushikilia bei kwa ajili yetu.
>
> Tulilinganisha gharama yote mpaka mzigo ufike shuleni, ikiwemo VAT na usafiri, pamoja na tarehe ya kufika na kiasi cha malipo ya awali. Kwa gharama hiyo yote, nukuu yenu ilikuwa juu ya iliyochaguliwa. Muda wa wiki 8 ungevuka tarehe 5 Januari 2026 tuliyoitaja katika maombi yetu, na malipo ya awali ya asilimia 70 yanazidi kiwango ambacho shule hutoa. Uimara wa kiti cha sampuli haukuwa sababu; fundi wetu alikikagua na kukikubali.
>
> Hatuna ununuzi mwingine wa samani uliopangwa kwa sasa. Kwa kawaida tunaomba nukuu za samani mwezi Oktoba, na jina la kampuni yenu litabaki katika orodha ya wanaotumiwa maombi hayo. Nukuu mtakayoleta itashindanishwa na nyingine kama ilivyofanyika safari hii.
>
> Kiti cha sampuli kipo stoo ya shule. Mnaweza kukichukua siku yoyote ya kazi hadi tarehe 12 Desemba 2025, au mtujulishe tukitume kwa basi kwa gharama yetu.
>
> Wenu,
> Afisa Ununuzi

Neno la kukataa limekuja katika sentensi ya kwanza ya aya ya pili, mapema kiasi kwamba hata anayesoma kwenye simu akiwa karakanani ataliona bila kushuka chini. Sentensi inayofuata inamwachilia mbao zake, na hilo ni jambo la fedha kwake. Sifa imebaki moja tu, ya kiti, kwa kuwa kuna mtu aliyekikagua.

Nitajuaje kama sentensi ya kuacha mlango wazi ni ya kweli?

Jiulize kama mzabuni anaweza kuja na barua hiyo Oktoba ijayo, akaiweka mezani mbele ya afisa mwingine aliyechukua nafasi yako, na afisa huyo akaweza kuitimiza bila kumwomba mtu ruhusa. "Jina la kampuni yenu litabaki katika orodha" linatimizika, kwa sababu orodha ipo na afisa ununuzi ndiye anayeitunza. "Tutafanya kazi pamoja" halitimiziki, kwa sababu linategemea bei ambazo bado hazijaandikwa na bodi ambayo bado haijakaa.

Hali zenyewe hutofautiana, na sentensi inapaswa kuzifuata. Ikiwa kuna ununuzi unaofahamika lakini bado haujaidhinishwa, sharti lake liandikwe wazi: "Bodi ya shule itajadili bajeti ya vitanda vya bweni mwezi Machi. Ikiidhinishwa tutaomba nukuu, na mtakuwa miongoni mwa watakaotumiwa maombi." Hapo kuna ahadi moja, ya kutumiwa maombi, na ina "ikiidhinishwa" mbele yake. Ikiwa hakuna ununuzi unaofahamika ila kuna desturi ya kila mwaka, taja desturi na useme kwamba hakuna kilichopangwa, kama tulivyofanya katika barua. Ikiwa hakuna hata desturi, kwa mfano shule imenunua jenereta ambalo haitarajii kununua lingine kwa miaka mingi, basi acha. Shukrani na sababu vinatosha, na mzabuni mzoefu hataona pengo lolote.

Wapo wanaodhani kwamba kuongeza "Mungu akijalia" mwishoni kunaipunguzia ahadi uzito. Anayepokea huisikia ahadi kwanza, na jina la Mungu hulichukua kama dhamana.

Kuna njia nyingine ya kuacha mlango wazi ambayo haina ahadi ndani yake hata kidogo, nayo kwa maoni yangu inazidi zote: kumweleza ni kipimo gani alichokosa. Mwenye karakana akijua kwamba shule hulinganisha gharama mpaka getini na kwamba asilimia 70 haikubaliki, ana la kufanya kabla ya Oktoba. Anaweza kupunguza malipo ya awali, kuandika bei yenye VAT, au kuamua kwamba shule hii si mteja wake.

Sababu itajwe kwa kina gani?

Itajwe kwa kiasi ambacho mzabuni anaweza kukihakiki katika nukuu yake mwenyewe. Wiki 8 na asilimia 70 aliziandika yeye, na tarehe 5 Januari ilikuwa katika maombi aliyotumiwa. Hawezi kubishana nazo wala kuziona kama matusi.

Jina la aliyechaguliwa lisitajwe, na bei yake pia isitajwe, hata kwa njia ya mzunguko. Ukiandika kwamba alizidiwa kwa shilingi 786,000, atatoa kiasi hicho katika jumla yake na kuipata bei ya mwenzake hadi shilingi ya mwisho. Safari ijayo hatapiga hesabu ya mbao, chuma na mafundi wake, bali ataweka bei chini kidogo ya ile aliyoijua, na shule itakuwa imeharibu ushindani kwa mkono wake. Kumwambia kwamba gharama yote "ilikuwa juu ya iliyochaguliwa" kunamwonyesha njia bila kufichua siri ya mtu aliyekuletea nukuu yake kwa kukuamini.

Barua itumwe lini?

Itumwe baada ya mzabuni aliyechaguliwa kuikubali LPO kwa maandishi, na kabla uhalali wa nukuu uliyoikataa haujaisha. Katika mfano wetu dirisha ni kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 10 Desemba, na barua ilitoka tarehe 28 Novemba.

Kuwahi sana kuna hatari yake. Ukimkataa wa pili Jumatatu, na Jumatano wa kwanza akakwambia kwamba bei imepanda na hawezi tena, utarudi kwa mtu uliyemwambia kwamba uamuzi umekamilika, naye ana haki ya kukupa bei mpya. Kama uamuzi umechelewa na wazabuni wanauliza, waandikie hivyo: "Tathmini ya nukuu haijakamilika. Tutawajulisha matokeo ifikapo tarehe 1 Desemba 2025." Hiyo nayo ni ahadi, kwa hiyo tarehe hiyo iwekwe kwenye kalenda, na ikishindikana aandikiwe tena siku hiyo hiyo. Ikiwa tathmini itapita tarehe ya uhalali, mwombe kwa maandishi kama yuko tayari kuongeza siku. Usichukulie kwamba ukimya wake ni kukubali.

Afisa afanyeje mzabuni akijibu kwa kushusha bei?

Hilo hutokea mara nyingi, na kwa kawaida hutokea ndani ya saa chache. Tuseme mwenye karakana anajibu kwamba atashuka hadi shilingi 130,000 kwa seti na kupokea asilimia 40 ya awali. Hesabu inakuwa shilingi 7,800,000, na pamoja na VAT shilingi 9,204,000, na pamoja na usafiri shilingi 9,804,000. Sasa yuko chini ya aliyechaguliwa kwa shilingi 276,000, na mhasibu wa shule ataziona.

Oda iliyotolewa na kukubaliwa ni makubaliano, na pengine malipo ya awali ya shilingi 3,024,000 yameshatoka. Kuivunja kwa ajili ya punguzo lililokuja baada ya matokeo kunaweza kuigharimu shule zaidi ya tofauti hiyo, tena wiki 8 ziko palepale. Jibu liwe fupi na lisiufungue mjadala upya: "Tumepokea bei mpya na tunawashukuru. Oda ilikwisha kutolewa na kukubaliwa, hivyo hatutaifanyia kazi bei hii. Kwa maombi yajayo, tunalinganisha bei iliyoandikwa katika nukuu ya kwanza, kwa hiyo tunawaomba mlete bei yenu bora tangu mwanzo." Sentensi ya mwisho iandikwe tu kama ndiyo desturi ya shule. Kama shule huwa inajadiliana bei baada ya kufungua nukuu, kuiandika ni uongo, na wazabuni wa mji mmoja huongea.

Tunafahamiana naye. Si afadhali nimpigie simu tu?

Mpigie, kisha mtumie barua pepe siku hiyo hiyo. Kwa mtu mliyezoeana, kupokea barua yenye "Yah" kabla ya kusikia sauti yako kunaweza kuonekana kama dharau, na simu ya dakika mbili huondoa hilo. Hatari iko katika yanayosemwa kwenye simu lakini hayamo katika barua. "Kaka, ingekuwa juu yangu ningekupa wewe" ni sentensi ya upole ambayo inamwambia kwamba tathmini haikuwa ya haki, na "tulia, kuna kitu kinakuja" ni ahadi kamili hata kama haina tarehe. Uwe na barua mbele yako unapoongea, na usivuke yaliyomo.

Je, barua moja inaweza kutumwa kwa wote waliokosa?

Haifai. Sababu za kila mmoja ni tofauti, na ukiweka anwani zao pamoja katika sehemu ya To au Cc kila mmoja atajua alishindana na nani. Hata Bcc, inayoficha anwani, inakulazimisha kuandika barua isiyo na sababu yoyote. Mjibu kila mmoja juu ya barua pepe ileile aliyotumia kuleta nukuu.

Na ikiwa hatutaki kufanya naye kazi tena?

Toa aya ya nne yote. Mzabuni aliyeleta sampuli iliyovunjika mguu, au aliyedokeza kwamba kuna "chochote" kwa ajili ya afisa, apewe shukrani, uamuzi na sababu moja ya kweli inayohusu nukuu, basi. Kumwandikia kwamba atabaki katika orodha wakati umeshamwondoa ni kumtengenezea hoja ya kuja kulalamika Oktoba. Suala la rushwa lisijadiliwe katika barua hii. Lipelekwe kwa mkuu wa shule kwa maandishi yake peke yake.

Je, shule ya serikali inaweza kutumia barua hii?

Hapana. Taasisi za umma Tanzania hununua chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na utaratibu wa kuwajulisha wazabuni matokeo umewekwa huko. Barua hii ni ya taasisi binafsi inayojiwekea utaratibu wake.

Kuna la kufanya baada ya kuituma?

Andika katika orodha ya wazabuni, mbele ya jina la karakana, maneno yaleyale aliyoambiwa: atumiwe maombi ya Oktoba, alikosa kwa gharama, muda na malipo ya awali, sampuli ilikubalika. Mwambie mtunza stoo kwamba kiti kinasubiri mwenyewe hadi tarehe 12 Desemba, kwani viti vya sampuli vina tabia ya kuhamia ofisi ya walimu. Akija kukichukua asaini, na tarehe hiyo ikipita bila yeye kuja, apigiwe simu kabla kiti hakijapewa mtu wa kukikalia.